Mwanafunzi Asiyeona Ubaoni: Mwalimu Afanye Nini, na Miwani Ipatikane Wapi?

Makala hii imeandaliwa kama mazungumzo na walimu wa shule za msingi za Ijuganyondo na maeneo jirani ya Bukoba na Muleba. Tunaichapisha hapa ili kamati za parokia zipate kuitumia pamoja na walimu, na ili wafadhili wetu wafahamu msaada wao unahitajika mahali gani hasa.

Ndugu mwalimu, katika darasa lako huenda yupo mtoto ambaye hunakili makosa kutoka kwenye daftari la mwenzake badala ya kunakili ubaoni. Ukimwita asome sentensi uliyoandika, husimama kimya. Ukimpa kitabu mkononi, husoma bila shida. Wengi wetu humwita mtoto huyo mvivu, au tunasema hasikilizi. Wala yeye mwenyewe hawezi kukusaidia, kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine. Anadhani kila mtu anaona ubao kama yeye, yaani ukungu mweupe juu ya weusi. Ndiyo maana watoto hawa hawalalamiki, na ni lazima mtu mzima awatafute.

Ni wangapi?

Tusianze kwa kutishana. Ng'ambo ya ziwa letu, katika shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza, watafiti waliwapima macho watoto 1,386 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waliokutwa na uoni hafifu katika macho yote mawili walikuwa 10 tu, yaani chini ya mtoto mmoja kwa kila 100. Wengi wa hao walikuwa na tatizo la kurekebishwa kwa miwani. Wengine 14 walikuwa na jicho moja tu lililo hafifu.

Hali hubadilika watoto wanapokua. Wataalamu walipowapima wanafunzi wa sekondari katika jiji la Mwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba karibu 6 kati ya kila 100 walihitaji miwani. Karibu wote walikuwa na tatizo la kutoona mbali. Katika wale waliohitaji miwani, wenye miwani hawakufika theluthi moja.

Maana yake kwetu ni hii: katika shule ya msingi yenye wanafunzi 600, tutegemee watoto wanne hivi ambao hawaoni ubaoni kwa macho yote mawili, na wengine wachache wenye jicho moja bovu. Kazi ya kuwasaidia watoto wanne haiwezi kuishinda kamati ya parokia. Ugumu uko katika kuwapata wanne hao bila kuwapeleka hospitali watoto 60.

Kwa nini mtoto haoni mbali?

Jicho hufanya kazi ya kukusanya mwanga na kuuangusha sawasawa juu ya ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho, iitwayo retina. Jicho likiwa refu kidogo kuliko kawaida, picha ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina, nayo huonekana yenye ukungu. Kitu kilicho karibu huonekana vizuri. Tatizo hili hurithiwa katika baadhi ya familia. Aidha imeonekana kwamba watoto wanaotumia saa nyingi kutazama vitu vya karibu na kukaa ndani hulipata zaidi kuliko wanaocheza nje. Huenda hii ni sababu mojawapo ya kuwa kubwa zaidi katika sekondari za mjini.

Wataalamu huandika ukubwa wa tatizo hili kwa namba yenye alama ya kutoa. Ukiona kwenye cheti cha mtoto −2.00, unaweza kujua mara moja anaona hadi wapi. Gawa mita 1 kwa 2, utapata nusu mita. Mtoto huyo, bila miwani, huona sawasawa hadi nusu mita tu kutoka usoni mwake. Kila kilicho zaidi ya hapo kina ukungu.

Hapo walimu wengi hushangaa. Dawa tuliyoizoea ni kumhamishia mtoto dawati la mbele. Lakini dawati la mbele liko mita mbili hivi kutoka ubaoni. Kwa mtoto wa −2.00, kuhama huko humsaidia kutambua herufi kubwa zaidi, lakini hakumwondolei ukungu. Basi mkalishe mbele wakati anasubiri miwani, ila usihesabu kwamba kazi imekwisha.

Dalili za kuangalia darasani

Kabla ya kupima, mwalimu aandike majina ya watoto wenye dalili hizi. Mtoto hukunja uso na kufinya macho anapotazama ubao. Husogeza daftari karibu sana na uso. Hugeuza kichwa upande mmoja ili atazame kwa jicho moja. Huinuka na kwenda ubaoni, au huchungulia kwa jirani. Uwanjani huchelewa kuuona mpira unaokuja.

Kuna kundi la pili linalosahaulika. Ni mtoto anayeona ubao vizuri, lakini akisoma kitabu kwa robo saa macho hutoa machozi, kichwa huuma, na mistari huchanganyika. Huyu anaweza kuwa na jicho fupi kuliko kawaida. Kipimo cha ubaoni tutakachoeleza hapa chini hakimkamati, kwa sababu macho ya watoto yana nguvu ya kujikaza na kuficha tatizo. Kwa mtoto wa namna hii, andiko lako la dalili ndilo kipimo. Mpeleke akapimwe hata kama amefaulu.

Zipo pia dalili ambazo hazisubiri kipimo chochote. Ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho, au unang'aa kama jicho la paka gizani au kwenye picha, mtoto afike hospitali wiki hiyo hiyo. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho. Kwa watoto wadogo unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto hupona na ikicheleweshwa humwua. Makengeza nayo yasiachwe kwa kusema yataisha yenyewe. Jicho lililopinda huacha kutumika, na ubongo husahau kuona kwa jicho hilo. Wataalamu huliita jicho vivu. Tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka saba au minane, na baada ya hapo nafasi hupungua mwaka hadi mwaka.

Kutengeneza kipimo

Chati ya herufi E hupatikana kwa wataalamu wa macho, lakini mwalimu anaweza kujitengenezea kadi ya kupimia kwa karatasi ya manila nyeupe, rula na kalamu nyeusi ya wino mzito. Chora mraba wenye upande wa milimita 17 na nusu. Ndani yake chora herufi E yenye miguu mitatu. Kila mguu uwe na unene wa milimita 3 na nusu, na nafasi nyeupe kati ya mguu na mguu iwe milimita 3 na nusu vilevile. Mgongo wa herufi nao uwe na unene huo huo. Ukijumlisha miguu mitatu na nafasi mbili, utapata ile 17 na nusu. Kata kadi iwe mraba, ili ukiigeuza mtoto asijue mgongo uko wapi kwa kuangalia umbo la kadi.

Vipimo hivi havikubuniwa ovyo. Mtu mwenye macho mazuri anaweza kuisoma herufi ya ukubwa huu akiwa mita 12. Tunampima mtoto kwa mita 6. Anayeshindwa kwa mita 6 anahitaji kusogea nusu ya umbali ambao wenzake hawahitaji. Wataalamu huandika 6/12, nacho ndicho kipimo kilichotumiwa kule Mwanza.

Sasa chukua kamba, pima mita 6 kwa futi ya fundi, na ufunge fundo kila mwisho. Usikadirie kwa hatua. Mwalimu mrefu na mwalimu mfupi watapata majibu tofauti. Chagua mahali nje penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, kwa mfano upande wa jengo usiopigwa jua. Mtoto asitazame jua, na jua lisiangaze juu ya kadi.

Namna ya kupima

Kwanza mfundishe mtoto akiwa karibu, hatua moja tu kutoka kwenye kadi. Mwambie aonyeshe kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea: juu, chini, kushoto au kulia. Asitaje kwa maneno, maana watoto wengi wa darasa la kwanza na la pili huchanganya kushoto na kulia ingawa wanaona vizuri kabisa. Akikosea hata akiwa karibu, tatizo ni kutoelewa zoezi. Rudia kumfundisha.

Kisha asimame kwenye fundo la kamba. Mwenzake amfunike jicho la kushoto kwa kadi au kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Kiganja kisibonyeze jicho, kwa sababu jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa dakika kadhaa likifunuliwa. Vidole navyo visifunike, maana mtoto huchungulia katikati ya vidole bila hata kukusudia. Mwonyeshe kadi mara tano, ukiigeuza nyuma ya mgongo wako kila mara. Akipatia mara nne au tano, jicho hilo limefaulu. Akipatia tatu au chini yake, limeshindwa. Fanya hivyo hivyo kwa jicho la pili. Kama mtoto anayo miwani, mpime akiwa ameivaa.

Mwangalie uso wake wakati wote. Mtoto anayefinya macho hupata nguvu kidogo ya kuona na anaweza kufaulu kwa hila hiyo. Mwambie afungue macho kama kawaida. Na wale wanaosubiri zamu wakae mbali, la sivyo watamnong'oneza mwenzao majibu kwa huruma.

Kwa nini tunarudia?

Katika uchunguzi ule wa 2000, walimu wenyewe walipewa kazi ya kupima, na baadaye wataalamu wakahakiki. Walimu waliwagundua watoto 8 kati ya kila 10 wenye uoni hafifu. Hayo ni matokeo mazuri kwa watu waliofundishwa kwa muda mfupi. Lakini katika kila watoto 100 wenye macho mazuri, walimu waliwaandika 9 kimakosa kuwa ni wabovu.

Hebu tulipeleke hilo katika shule yetu ya wanafunzi 600. Wenye shida kweli ni wanne, na mwalimu atawapata watatu hivi. Wasio na shida ni karibu 596, na tisa katika kila mia moja ni zaidi ya watoto 50. Tukiwapeleka wote hospitali, wazazi zaidi ya 50 watalipa nauli na kupoteza siku ya kazi, kisha wataambiwa mtoto hana kitu. Mwaka unaofuata hakuna atakayekuja, hata wale ambao watoto wao wanahitaji kweli.

Kwa hiyo tunapima mara mbili. Walioshindwa wapimwe tena baada ya wiki moja, ikiwezekana na mwalimu mwingine, asubuhi wakiwa hawajachoka. Wengi waliokosea kwa woga, kwa mwanga mbaya au kwa kutoelewa watafaulu. Watakaobaki ndio wa kupeleka. Yule mmoja aliyepita bila kugunduliwa atakamatwa na orodha yako ya dalili, au kwa kupimwa mwaka unaofuata. Ndiyo maana orodha na kadi huenda pamoja.

Mfano wa mtoto mmoja

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa darasa la nne, tumwite Koku. Mwalimu wake amemwandika kwa sababu hunakili kwa jirani na hukunja uso. Siku ya kwanza jicho la kulia linapatia mara 2 kati ya 5, la kushoto mara 3. Wiki inayofuata matokeo ni 2 na 2. Mwalimu anaandika katika daftari la macho: jina, darasa, tarehe, majibu ya kila jicho, na jina la mzazi pamoja na namba ya simu.

Mwalimu hampi Koku barua apeleke nyumbani halafu akanyamaza. Anampigia mama yake, na kumweleza mambo matatu: mtoto hana ugonjwa unaoambukiza, hakurogwa, na huenda atahitaji miwani. Anamwambia pia kwamba lazima mzazi aende naye, na kwamba siku hiyo itakwisha yote hospitalini. Sababu ni kwamba mtoto hutiwa matone yanayolegeza misuli ya jicho ili isijikaze na kudanganya kipimo. Baada ya matone hayo mboni hupanuka, mwanga humuumiza, na kusoma karibu huwa kugumu kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Mzazi asiyeambiwa hili mapema hushtuka na kusema hospitali imemharibu mtoto macho.

Mtaalamu anampima Koku na kuandika −2.25 jicho la kulia na −2.00 la kushoto. Anapima pia umbali kati ya mboni mbili, kwa sababu katikati ya kila lenzi ni lazima pakae mbele ya mboni. Koku anachagua fremu mwenyewe. Hili la kuchagua si anasa. Mtoto aliyepewa fremu asiyoipenda huiacha ndani ya begi.

Akirudi shuleni, mwalimu anampima tena kwa kamba ile ile akiwa amevaa miwani. Macho yote mawili yanapatia mara 5 kati ya 5. Kama angeshindwa, mwalimu angejua kwamba lenzi zimekosewa au kuna tatizo jingine, na angemrudisha kabla ya mwezi kupita. Siku mbili tatu za kwanza Koku atasema ardhi inaonekana imeinama. Hiyo ni kawaida nayo hupotea.

Miwani inapatikana wapi?

Kwa wakazi wa Ijuganyondo na Manispaa ya Bukoba, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo mjini Bukoba. Kwa upande wa Muleba zipo hospitali za makanisa za Rubya, Kagondo na Ndolage. Wataalamu wa macho na wa miwani ni wachache nchini, na mara nyingi hupangiwa siku maalumu. Kwa hiyo kamati ipige simu kabla na kuuliza mambo mawili: je, siku hiyo yupo mtu wa kupima miwani kwa watoto, na je, miwani hutengenezwa hapo au huagizwa kutoka mbali? Jibu la pili huamua kama mzazi atalipa nauli mara moja au mara mbili. Zahanati yako inaweza kutibu macho mekundu ya kawaida na kukuandikia rufaa, lakini haipimi miwani.

Kama tatizo ni kubwa kuliko miwani, kwa mfano mtoto wa jicho au weupe katika mboni, rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Zaidi ya hapo ni KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa watoto hufanywa na timu maalumu, na baada yake mtoto huhitaji miwani na kufuatiliwa kwa miaka. Kwa sababu hiyo kamati isimchangie mtoto nauli ya kwenda tu. Ichangie na safari za kurudi kuangaliwa.

Tahadhari moja kuhusu miwani ya mnadani. Ile inayouzwa kwa wazee kwa ajili ya kusomea ina lenzi za kujumlisha. Ukimvika mtoto asiyeona mbali, ukungu utazidi. Asivalishwe, wala asiazimwe miwani ya kaka yake.

Mtoto mwenye ualbino

Mtoto mwenye ualbino apelekwe kupimwa hata bila kadi. Macho yake hukosa rangi inayokinga mwanga, mara nyingi huchezacheza yenyewe, na retina yake haikukamilika kama ya wengine. Miwani humsaidia, lakini haimpi uoni kamili. Hivyo mwalimu asivunjike moyo wala asimlaumu akishindwa kadi hata akiwa na miwani. Mkalishe mbele, mbali na dirisha linalomulika, mruhusu asogee hadi ubaoni, na mpe maandishi makubwa. Kofia yenye ukingo mpana humkinga macho pamoja na ngozi. Shule ya Msingi Mugeza Mseto, hapa Bukoba, ina uzoefu wa kufundisha watoto wenye uoni hafifu pamoja na wengine. Walimu wa jirani wanaweza kwenda kujifunza huko.

Kuyalinda macho ya wote

Miwani haizuii upofu unaotokana na ajali na dawa mbaya, nao ndio ulio mikononi mwetu zaidi. Fimbo, pinde za kuchezea, kalamu na mawe hutoboa macho ya watoto. Jicho likitobolewa, usilioshe, usichomoe kitu kilichoingia, wala usilifunge kwa kubana. Lifunike kwa kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, umpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Lakini ikiwa ni chokaa, maji ya betri au sabuni kali, fanya kinyume chake: osha papo hapo kwa maji safi mengi kwa muda wa nusu saa, kope zikiwa zimefunguliwa, ndipo uondoke. Kila dakika ya kungoja gari bila kuosha huunguza zaidi.

Msimu wa senene una hatari yake. Taa kali za kutegea, hasa ikiwa kioo chake cha nje kimepasuka, hutoa mionzi inayounguza uso wa jicho. Mtoto hulala vizuri, kisha huamka usiku akilia kwamba ana mchanga machoni. Watoto wasisimame karibu na taa hizo kuzikodolea macho.

Macho yakiuma au yakiwa mekundu, wasitie utomvu wa majani, maziwa ya mama wala mkojo. Vitu hivi huingiza vijidudu katika kidonda kidogo, na kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe ambalo miwani haiwezi kuliondoa. Hata dawa ya matone iliyobaki kwa jirani isitumike. Baadhi ya matone huondoa wekundu na muwasho haraka, lakini yakitumiwa kwa miezi bila kusimamiwa hupandisha shinikizo la jicho na kuleta upofu wa polepole.

Kwa walio chini ya miaka mitano, wazazi wahakikishe chanjo ya surua na matone ya vitamini A, ambayo kwa kawaida hutolewa mwezi Juni na Desemba. Matoke hushibisha, lakini hayana vitamini A ya kutosha. Papai, mchicha, karoti na viazi lishe viongezwe katika sahani. Mtoto anayejikwaa jioni giza linapoingia huenda ameanza kupungukiwa. Apelekwe zahanati.

Miwani isiyovaliwa

Hapa ndipo miradi mingi inapokwama. Jijini Dar es Salaam wanafunzi wa sekondari waliohitaji miwani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani bure, jingine likapewa cheti cha kwenda kununua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakitumia miwani au walioikuja nayo shuleni walikuwa 47 kati ya kila 100 katika kundi la bure, na 26 katika kundi la cheti. Kutoa bure kulisaidia sana, lakini hata hivyo zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Wengine huogopa kuchekwa. Wengine husikia nyumbani kwamba miwani hulegeza macho. Si kweli: jicho huendelea kurefuka mtoto anapokua, avae asivae, ndiyo maana namba hubadilika na ni lazima apimwe kila mwaka.

Kitale, Kenya, walijaribu njia nyingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walimu walipima kwa simu, na wazazi wa walioshindwa wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi, pamoja na shule kupewa orodha. Waliofika hospitali walikuwa 54 kati ya kila 100, dhidi ya 22 katika shule zilizotumia barua peke yake.

Kwa wanakamati, somo ni moja: mteue mtu mmoja wa kushika daftari la macho. Apige simu baada ya wiki moja kuuliza kama mtoto amepelekwa. Atembelee darasa baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu, bila kutangaza, aone miwani iko usoni, begini au nyumbani. Iliyopo nyumbani aulize kwa nini. Mara nyingi ni skrubu iliyolegea au sikio linaloumia, na fundi huirekebisha kwa dakika chache.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: tafadhali msitutumie makasha ya miwani iliyotumika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila miwani 100 ya namna hiyo, iliyofaa kutumika ilikuwa 7 tu, na gharama ya kuichambua na kuisafirisha ilizidi ile ya kutengeneza mipya. Kilichohitajika katika safari ya Koku kilikuwa kadi na kamba, simu ya mwalimu, nauli ya watu wawili, ada ya kupimwa, na fremu moja aliyoichagua mwenyewe. Mzazi anayeweza achangie sehemu, na kamati ijaze pengo la asiyeweza.

Muhula ujao ukianza, kadi ya manila iwe tayari, na wa kwanza kupimwa wawe wale walioandikwa katika orodha ya mwalimu.